"Hamsini kwa hamsini" si jibu: parvo, dripu na yale anayotaka kujua mwenye mbwa

Najua nimekuwa kimya, mitihani na mafunzo kwa vitendo havikuniacha hata nipumue. Nimesharudi Morogoro, niko SUA bwenini, mvua inanyesha, na nina jambo linanikera tangu niliporudi kutoka nyumbani Unguja. Leo nalitoa. Wale wenzangu wa udaktari wa mifugo mtanielewa haraka, na nyie wa kilimo na misitu vumilieni, nitaeleza taratibu.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu analeta mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu. Daktari anapima, anasema ni parvo. Mwenye mbwa anauliza, "Atapona?" Na jibu ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja ni "hamsini kwa hamsini, tumwombe Mungu." Mie nasema jibu hilo ni la kukwepa. Kuomba tunaomba, hilo halina ubishi. Lakini ile hamsini kwa hamsini haimhusu mbwa yeyote duniani, na mwenye mbwa akiondoka nayo hajui afanye nini na pesa yake wala na usiku wake.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Parvo ya mbwa ni kirusi kigeni kiasi, kilitambuliwa mwaka 1978 na ndani ya miaka miwili hivi kikawa kimeshazunguka dunia. Kinapenda seli zinazogawanyika haraka. Katika mtoto wa mbwa seli hizo ziko sehemu mbili khasa: kwenye ukuta wa utumbo, pale ngozi ya ndani inapozaliwa upya kila siku, na kwenye uboho wa mifupa, zinakotoka seli nyeupe za damu. Kwa hiyo unapigwa pande mbili kwa mpigo mmoja. Utumbo unavuka ngozi yake, maji na protini zinavuja nje, bakteria wa kwenye utumbo wanapata njia ya kuingia kwenye damu. Na askari wa kupambana na hao bakteria, yaani seli nyeupe, hawapo. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hatuna kwenye kabati zetu (huko Marekani kuna kingamwili ya sindano iliyopewa kibali cha masharti mwaka 2023, lakini hiyo tuiache). Sisi tunachofanya ni kumweka hai mpaka utumbo na uboho vijijenge upya, na hiyo kwa kawaida inachukua siku tatu mpaka tano. Hapo ndo dripu inapoingia.

Sasa ile hamsini. Mtoto wa mbwa mwenye parvo kali asipotibiwa kabisa, vitabu vinasema tisa kati ya kumi hufa. Akilazwa, akapata maji kwenye mshipa na akaangaliwa usiku na mchana, wengi hupona, na sehemu zenye vifaa wanafika wanane au tisa kati ya kumi. Umeona hapo? Ukimwambia mtu "hamsini kwa hamsini" kabla hajaamua kutibu, unamdanganya pande zote mbili. Kama hatatibu, nafasi ni ndogo mno kuliko hiyo. Kama atatibu, ni kubwa kuliko hiyo. Namba inategemea kitakachofanyika, na baada ya hapo inategemea mbwa mwenyewe anavyoitika. Ndio maana mie naamini matarajio hayasemwi mara moja. Yanasemwa kwa awamu, kila awamu kwa kile kipimo kinachosema.

Nitawapa mfano wa Kiwengwa, manake huko ndo niliyaona haya kwa macho.

Likizo iliyopita nilikuwa namfuata daktari mmoja anayezunguka pwani ya mashariki. Kiwengwa mnaijua, kilomita kama 40 hivi kutoka mjini, hoteli zimejipanga ufukweni na nyuma yake kijiji na mashamba. Mbwa wapo, wa walinzi, wa wageni waliohamia, na wale wa ufukweni wasio na mwenyewe. Akaja kaka mmoja mlinzi wa nyumba za wageni, na boksi la maji ya chupa, ndani watoto wawili wa mbwa wa tumbo moja, umri wiki kumi, chanjo hawajapata hata moja. Mmoja kamwita Popi, mwingine Jeki. Wote kama kilo 4. Wote wametapika tangu usiku wa jana, wote wanaharisha damu, na ile harufu... aliyewahi kuinusa haisahau. Sehemu aliyopita kwanza walimwambia hamsini kwa hamsini, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Vidonge vilitapikwa kabla ya kufika tumboni.

Kaka wa watu aliuliza swali moja tu: "Daktari, niambie kweli. Nitoe hela au nisitoe?" Na hilo ndo swali lenyewe, wadau. "Atapona?" ni namna ya heshima ya kuuliza hilo.

Daktari hakumjibu papo hapo. Alimwambia, "Kaka yangu, nipe nusu saa. Kwanza niwatoe kwenye hatari ya sasa hivi, halafu tukae tuzungumze." Akaanza kazi.

Nitaeleza hesabu ya Popi, ya Jeki ilikuwa hiyohiyo. Ukivuta ngozi ya mabega inachelewa kurudi. Macho yameingia ndani kidogo, fizi kavu, zinanata. Hiyo tukaikadiria ni kupungukiwa maji asilimia 8 ya uzito. Miguu ya baridi, mapigo ya moyo mbio zaidi ya 200 kwa dakika lakini ukishika mshipa wa paja unausikia kwa mbali, na ukibonyeza fizi wekundu unarudi baada ya sekunde tatu. Hiyo si kiu tu, huo ni mshtuko, damu haifiki inakotakiwa. Sukari kwenye glukomita ilikuwa 2.9. Chini ya 3.3 unatibu papo hapo, usisubiri degedege.

Kanula ikaingia mshipa wa mguu wa mbele. Ringa lakteti iliyopashwa joto la mwili, mililita 20 kwa kila kilo, yaani mililita 80, ndani ya dakika 15. Sukari: glukosi ya asilimia 50, mililita 4, ikachanganywa na mililita 12 za maji ya dripu kwanza, manake ikiwa nzito inachoma mshipa, kisha ikasukumwa polepole. Halafu unasimama na kupima tena. Watu wengi wanaruka hapa. Ile mililita 80 ni swali unamuuliza mbwa, na jibu lake ni moyo kupungua kasi, miguu kupata joto, fizi kurudi haraka. Popi alijibu. Jeki alijibu pia ila kwa shida, yeye aliongezwa mililita 40 nyingine.

Baada ya hapo ndo inakuja dripu ya siku nzima, na hesabu yake ina mafungu matatu tu:

Maji aliyokwisha kupungukiwa: kilo 4 mara asilimia 8 ni mililita 320. Toa 80 alizokwisha kupata, zinabaki 240.
Maji ya kuishi siku moja: mtoto wa mbwa anatumia zaidi ya mkubwa, tukachukua mililita 80 kwa kilo, yaani 320.
Maji anayoendelea kupoteza kwa kutapika na kuharisha: tukakadiria 160 kwa siku.
Jumla: 720 kwa saa 24, sawa na mililita 30 kwa saa.

Sasa mashine ya kupima dripu hakuna, kwa hiyo unahesabu matone. Na hapa jamani tuwe makini. Kuna mpira wa dripu wa kawaida unaotoa matone 20 kwa mililita, na kuna ule wa watoto wa matone 60 kwa mililita. Kwa mpira wa watoto hesabu ni tamu: matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, kwa hiyo 30 ni 30. Kwa mpira wa kawaida mililita 30 kwa saa ni matone 10 tu kwa dakika. Ukiweka matone 30 kwenye mpira wa kawaida umempa mara tatu, na chupa ya nusu lita inaisha kwa saa tano na nusu badala ya saa kumi na sita na zaidi. Mtoto wa kilo 4 huyo unamzamisha. Dawa yake ni kusoma maandishi kwenye pakiti kabla ya kufungua, na kuandika kwa kalamu kwenye chupa mstari wa kila saa, ili hata anayepita aone kama maji yako juu au chini ya mstari.

Ndani ya chupa ya nusu lita daktari aliongeza vitu viwili. Glukosi ya asilimia 50, mililita 25, iwe karibu asilimia 2.5 kwenye chupa. Na potasiamu milimoli 10, manake mbwa anayetapika na asiyekula anaipoteza, na ikishuka misuli inalegea, utumbo unasimama, shingo haiinuki. Lakini potasiamu ina sheria ya chuma: haizidi nusu milimoli kwa kilo kwa saa, na chupa iliyotiwa potasiamu haitumiki kamwe kusukuma maji ya haraka. Kwa mwendo wetu Popi alikuwa anapata 0.15, yuko salama. Chupa hiyo ikafungwa karatasi nyekundu. Antibiotiki ya mshipani ikaingia kwa ajili ya wale bakteria wanaovuka, na dawa ya kuzuia kutapika.

Nusu saa ikawa dakika hamsini, lakini daktari akakaa na kaka mlinzi kama alivyoahidi. Nimeyashika maneno yake karibu yote, nayaandika hapa kwa sababu ndo somo ambalo mie sijalipata darasani.

"Kaka, sasa hivi wote wawili wako hai na wameitika kwa maji ya kwanza. Siwezi kukwambia leo nani atapona, na atakayekwambia leo anabahatisha. Ninachokijua ni hiki. Tukiwaacha bila dripu, karibu wote wanaoachwa hivi hufa, tena vibaya. Tukiwatibu, wengi hupona, lakini si wote. Ugonjwa una siku tatu mpaka tano. Gharama ni ya siku, kwa hiyo usifikirie leo tu, zidisha kwa tano. Nakuomba tukubaliane kesho asubuhi saa mbili. Hapo nitakuwa na kitu cha kukwambia kwa kila mmoja. Na kama pesa haitoshi wawili siku tano, niambie sasa, usione haya, kuna njia nyingine nitakueleza."

Angalieni alichofanya. Hakumpa namba moja ya kumfumba mdomo. Kampa njia mbili na mwisho wa kila njia, kampa urefu wa ugonjwa, kampa gharama kwa ukamilifu wake, na kampa saa ya jibu linalofuata. Kaka akasema anayo ya siku mbili kwa wote, siku ya tatu hajui. Sawa, mpango ukajengwa juu ya hapo.

Usiku ule ndo nikajua kwa nini kazi yetu inaitwa kuangalia. Dripu inaweza kutundikwa na yeyote. Kujua kama inafanya kazi ni jambo lingine. Tulikuwa na daftari, kila mbwa ukurasa wake: moyo, pumzi, joto, rangi ya fizi, katapika mara ngapi, kaharisha mara ngapi, kakojoa au la, sukari kila saa nne, na uzito kila asubuhi na jioni kwa mizani ya jikoni. Mie nilidharau mizani. Sasa naiheshimu kuliko kipimo kingine chochote cha bei rahisi. Mbwa wa kilo 4 aliyepungukiwa asilimia 8, akijaa maji vizuri, anatakiwa aongezeke kama gramu 300. Haongezeki wakati maji yanaingia? Basi anapoteza zaidi ya unachompa, na hesabu ya fungu la tatu si sahihi. Kaongezeka kupita kiasi na pumzi zinakwenda mbio, puani majimaji, ngozi ya miguu imekuwa kama jeli? Umemzidishia, au protini ya damu imeisha na maji hayakai ndani ya mishipa. Hata vitambaa vya kulalia tulivipima, vikavu na vilivyochafuka, gramu moja tofauti ni mililita moja iliyopotea. Na kila mara unapompima unapapasa tumbo. Ukikuta kitu kirefu kigumu kama soseji, huenda utumbo umejimeza wenyewe, na hapo dripu pekee haimwokoi.

Asubuhi saa mbili kaka kafika, kafuli la geti la kazini bado mkononi.

Ukurasa wa Popi ulisema hivi: kilo 4.3. Kakojoa mara tatu. Kutapika kumepungua, mara moja tu tangu saa kumi alfajiri. Sukari imekaa juu ya 5 mara tatu mfululizo. Moyo 150. Joto 38.6. Ukiita jina lake anainua kichwa.

Ukurasa wa Jeki: kilo 3.9, wakati maji yote yameingia na zaidi. Sukari kila ikipandishwa inashuka tena, ya mwisho 2.4. Joto 36.8 pamoja na chupa za maji moto ubavuni. Moyo ambao jana ulikuwa mbio sasa umeshuka mpaka 90 na mapigo hafifu. Kwa mbwa mdogo aliye baridi, moyo kushuka namna hiyo si nafuu, ni mwili unaokata tamaa. Seli nyeupe za wote wawili jana zilikuwa chini. Leo za Popi zimeanza kupanda, za Jeki zimeshuka zaidi.

Na hilo la mwisho lina utafiti nyuma yake. Mwaka 2008 watafiti wa Pretoria, Afrika Kusini, walichapisha matokeo kuhusu seli nyeupe za mbwa wenye parvo, na walichokiona ni kwamba kipimo cha siku ya kwanza hakikusema mengi, ila kile cha saa 24 baada ya kulazwa ndicho kilichotenganisha vizuri zaidi wanaopona na wasiopona. Yaani hata darubini inasema kama anavyosema yule daktari: nipe mpaka kesho asubuhi.

Ndugu wawili, tumbo moja, uzito mmoja, hali karibu moja jana. Ile hamsini kwa hamsini ingewahusu vipi hawa?

Daktari akamkalisha kaka, akaanza na neno lenyewe bila kulizungusha. "Popi anakwenda vizuri. Hajamaliza, anaweza kurudi nyuma, lakini leo naweza kukwambia natarajia apone. Jeki natarajia afe. Tumempa yote tuliyo nayo na mwili haushiki. Naweza kuendelea naye leo ukitaka, na sitakulaumu. Lakini nikikwambia natumaini nitakuwa nakuongopea. Au naweza kumlaza asione maumivu zaidi." Halafu akanyamaza. Kunyamaza kule, wadau, kulikuwa kurefu. Mie nilitaka kusema kitu, chochote. Nashukuru sikusema. Kaka akauliza, "Ingekuwa wako?" Daktari akasema, "Ningemlaza leo." Kaka akamshika Jeki kichwa, akakubali. Pesa iliyobaki ikaenda kwa Popi.

Kuna wenzangu wanasema swali la "ingekuwa wako" daktari hatakiwi kulijibu. Mie siafiki. Ukishaeleza njia zote, mtu akikuuliza moja kwa moja, kukaa kimya ni kumwachia mzigo peke yake.

Sasa ile "njia nyingine" ya pesa. Siku ya tatu Popi alitolewa kwenye mshipa, akaenda nyumbani na maji ya chini ya ngozi. Njia hii ilijaribiwa rasmi Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017. Mbwa 40, nusu wakapata matibabu kamili ya wodini, nusu wakapewa maji ya chini ya ngozi mililita 120 kwa kilo kwa siku kwa mafungu, dawa ya kutapika mara moja kwa siku na antibiotiki ya muda mrefu sindano moja. Wa wodini walipona 18 kati ya 20, wa njia nyepesi 16 kati ya 20. Matokeo mazuri sana kwa mtu asiye na pesa ya wodi! Lakini msikimbie nayo. Kwanza, hata wale wa njia nyepesi walianza kwa maji ya mshipani mpaka mshtuko ukaisha. Pili, hawakuwa majumbani kweli, walikuwa hospitalini wakiangaliwa, na sukari na potasiamu zao zikirekebishwa. Kwa hiyo nyumbani Kiwengwa usimwahidi mtu 16 kati ya 20. Mwambie ni njia halali, inaokoa wengi, inazidi mbali kutofanya kitu, na inadai mtu wa kuifanya.

Kwa Popi ilikuwa mililita 160 kila saa nane, nusu upande huu wa mgongo nusu upande ule, maji ya Ringa peke yake. Glukosi nzito haiingii chini ya ngozi, inavuta maji ya mwili na kuozesha. Sukari akipakwa asali kwenye fizi. Uvimbe wa maji usiponyonywa mpaka zamu inayofuata, usiongeze, mrudishe, manake damu haifiki kwenye ngozi na njia hiyo imegoma. Kaka alifundishwa dalili nne za kumrudisha saa ileile: hainuki ukimwita, fizi nyeupe au baridi, katapika zaidi ya mara mbili tangu zamu iliyopita, au uvimbe haujanyonywa.

Na kuna jambo la kwetu ambalo kitabu cha Wazungu hakina. Kaka anaishi na mama yake. Bi mkubwa hana ubaya na mbwa wa ulinzi, lakini mate na uchafu wa mbwa ni najisi, kukosha mara saba na moja kwa udongo, na hapa tunazungumzia mbwa anayetapika na kuharisha mchana kutwa. Ukimpa mtu mpango wa nyumbani bila kuuliza nani atamshika na wapi, umempa karatasi tu. Daktari aliuliza. Wakakubaliana Popi akae banda la mlinzi kazini, glavu, vitambaa vyake peke yake, ndoo yake, na nguo za kazi hazivuki kizingiti cha nyumba. Bi mkubwa karidhika, kaka kalala na amani, na sindano za saa nane usiku zilichomwa kweli. Hilo nalo ni sehemu ya matarajio! Mbwa ambaye hakuna wa kumshika usiku, nafasi yake si ile ya kwenye utafiti.

Siku ya nne Popi alilamba uji wa samaki. Wakishavuka siku ya nne na wanakula, wengi hawarudi nyuma. Siku ya sita anakimbiza kaa.

Kaka akauliza amlete mwingine lini badala ya Jeki. Hapa napo jibu ni sehemu ya ukweli: kirusi hiki kinakaa kwenye mazingira miezi, kwenye kivuli hata mwaka. Sakafu ya saruji unaosha kwa sabuni kisha jiki kipimo kimoja kwa maji thelathini, iache dakika kumi. Mchanga huwezi kuutia jiki, unauacha kwa jua na muda. Mtoto mwingine asije kabla hajamaliza chanjo zake, zinazoanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudiwa kila wiki mbili mpaka nne hadi afike wiki ya 16. Moja peke yake haitoshi, manake kinga ya maziwa ya mama inaweza kuimeza.

Basi huo ndo msimamo wangu. Siku ya kwanza sema njia na gharama, siku ya pili sema unachokiona kwenye daftari, na siku ya kukata tamaa sema hivyo kwa neno lake. Anayebisha aje, hasa nyie wa mwaka wa tano mliokuwa mnanicheka kantini juu ya mizani ya jikoni. Na mwenye uzoefu wa parvo huko Tanga, Mombasa au kwingineko atupe, mnawaambiaje wenye mbwa wenu?

Nakimbilia pindi la saa nne. Tuonane.